Jena na Auerstedt 1806: kwa nini jeshi la Napoleon lilitawanyika barabarani na bado likakutana vitani

Ramani Kongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Kila mada ya Napoleon inaishia kwenye ujasiri wake. Leo naomba tuzungumzie barabara, kwa sababu naamini huko ndiko ushindi wake wa 1806 dhidi ya Prusia, ufalme wa Wajerumani, ulikotengenezwa.

Mwanzoni mwa Oktoba 1806 alikuwa na askari wapatao 180,000 kusini mwa Ujerumani, na alitaka kuwaingilia Waprusia kupitia milima yenye misitu ya Thuringia. Watu wengi hivyo hawawezi kupita njia moja. Miaka 60 baadaye Waprusia wenyewe walilipigia hesabu jambo hili: kikosi cha watu kama 30,000, pamoja na mizinga na mikokoteni yake, kinajaza zaidi ya kilomita 20 za barabara. Kichwa cha msafara kinakaribia kambi ya jioni wakati mkia ndio kwanza unaondoka kambi ya asubuhi. Kwa hiyo barabara moja hupitisha kikosi kimoja kwa siku. Ukipanga sita nyuma ya kimoja, wa mbele atapigana siku nzima na kesho yake kabla wa nyuma hajaona hata moshi. Halafu kuna chakula. Vijiji vya njia moja havilishi watu 180,000, hata kama ni Oktoba na mavuno yako ghalani.

Kwa hiyo lazima utawanyike. Ila ukitawanyika, adui aliyejikusanya anakukamata kipande kimoja, anakimaliza, anageukia kingine. Makamanda wa zamani walilijua hilo, na ndiyo maana wengi wao walitembea na jeshi lote pamoja, polepole.

Napoleon aliligawa jeshi lake katika vikosi vikubwa vyenye namba, kila kimoja chini ya marshali wake. Kila kikosi kilikuwa na divisheni mbili au tatu za askari wa miguu, askari wa farasi wepesi wa kupeleleza, mizinga yake, mafundi wa kujenga madaraja na ofisi yake ya kuandika amri. Yaani kila kikosi kilikuwa jeshi kamili kwa udogo. Kikikutana na adui mkubwa peke yake, hakikuhitajika kushinda. Kilihitajika kisimame mpaka jioni. Na kama wenzake wako umbali wa mwendo wa siku moja, watakuwa wamefika.

Tarehe 8 Oktoba walivuka mpaka kwa njia tatu. Kulia walikuwa Soult na Ney, na Wabavaria nyuma yao. Katikati Bernadotte, Davout, farasi wa Murat na walinzi wa mfalme. Kushoto Lannes na Augereau. Kutoka njia ya kushoto hadi ya kulia ilikuwa karibu kilomita 60. Siku chache kabla, Napoleon alimwandikia Soult kwamba jeshi hili ni kama mraba mmoja wa watu 200,000. Alikuwa na maana kwamba popote adui atakapotokea, mbele, kushoto au kulia, upande huo unageuka kuwa mbele, na wengine wanasogea kwake.

Nitaeleza kilichotokea tarehe 14, siku vita vya Jena na Auerstedt vilipopiganwa. Kwanza nisikie maoni.

---

Mpenda Historia Moro

Umeanza vizuri mkuu, ila tuseme ukweli: huu ni uvumbuzi wa Napoleon mwenyewe. Waprusia walikuwa bado wanapanga mstari mmoja mrefu kama enzi za mfalme wao Frederick, hawakuwa na divisheni kabisa, ndiyo maana walichakazwa. Na Davout alitumwa kama chambo ili jeshi kuu la Prusia limfuate, Napoleon abaki na kazi nyepesi kule Jena.

---

Ramani Kongwe

Ndugu, nusu nakubaliana nawe.

Uvumbuzi si wake peke yake. Divisheni yenye silaha mchanganyiko ilikuwa imeandikwa na kujaribiwa Ufaransa kabla ya Mapinduzi, na mwaka 1800 Moreau alikuwa tayari ameligawa jeshi lake la Rhine katika vikosi vikubwa vya namna hii. Alichofanya Napoleon, kuanzia kambi za Boulogne 1803 hadi 1805, ni kuufanya mpango huo uwe wa kudumu. Marshali, wakuu wa divisheni, watu wa mizinga na makarani walifanya mazoezi pamoja kwa muda mrefu. Jambo hilo halionekani kwenye ramani lakini ndilo liliwafanya waelewane kwa barua fupi.

Waprusia nao walikuwa na divisheni 1806, ila walizipanga wakati kampeni imeshaanza kunukia. Makamanda hawakuwa wamezizoea. Na juu yao palikuwa na Duke wa Brunswick, Hohenlohe na Rüchel, kila mmoja na mawazo yake, na mfalme mwenyewe yupo kambini.

Kuhusu chambo, hapana. Napoleon alimpeleka Davout Naumburg ili akate njia ya Waprusia ya kurudi kuvuka mto na kwenda Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 14 aliamini kwa dhati kwamba jeshi kuu la adui liko mbele yake Jena. Hakuwa sahihi. Mbele yake alikuwa Hohenlohe. Jeshi kuu lilikuwa linaelekea kwa Davout.

---

Mama Usafirishaji

Mimi si mtu wa vita, nafanya kazi ya kupanga malori ya mizigo. Nimekuelewa sana kwenye mkia na kichwa. Malori yakiongozana kwenye mlima mmoja, moja likifa katikati wote mnalala. Ukiyagawa njia mbili unapona.

Ila kuna kitu sijakishika. Mimi nikigawa malori, kila dereva ana simu. Hawa walijuanaje? Na kwa nini kikosi kiwe na kila silaha ndani yake? Si ingekuwa rahisi farasi wote watangulie, mizinga yote ije pamoja, na watembea kwa miguu waje kwa nafasi yao?

---

Ramani Kongwe

Dada yangu, umegusa penyewe. Naanza na la pili, na nitatumia Auerstedt kulijibu.

Asubuhi ya tarehe 14 Davout alivuka daraja la mto Saale pale Kösen na kupanda mteremko mkali upande wa pili, kwenye ukungu mzito. Kikosi chake, cha 3, kilikuwa na watu kama 26,000 na mizinga 44. Divisheni ya kwanza kupanda ilikuwa ya Gudin. Mbele yao, bila wao kujua, jeshi la Brunswick lilikuwa linakuja kwa barabara ileile: watu zaidi ya 50,000 na mizinga maradufu na zaidi.

Farasi wachache wa Davout ndio waliogongana na Waprusia kwanza na kurudi na habari, pamoja na mateka. Bila hao, Gudin angeingia kwenye ukungu akiwa bado kwenye foleni ya barabarani. Alipata muda wa kujipanga na kukishika kijiji cha Hassenhausen.

Kisha Blücher, jenerali wa Prusia, akaja na farasi wake wengi. Askari wa miguu wa Gudin walijipanga miraba, bunduki na singe zikitazama pande zote, na farasi walirudishwa kila waliposhambulia. Sasa fikiria kama Blücher angekuwa na mizinga iliyokaa karibu na farasi wake chini ya amri moja. Mraba ni watu waliosongamana, na mzinga ukiupiga unafungua tundu ambalo farasi wanaingilia. Farasi peke yao wanazunguka tu. Mizinga peke yake inatekwa. Askari wa miguu peke yao hawaoni mbali, na wakishajipanga mraba hawawezi kusogea haraka. Ndiyo maana walichanganywa katika kila kikosi.

Ungetanguliza farasi wote, wangemwona adui lakini wasingeweza kumzuia. Na mizinga yote ikiwa nyuma, siku ambayo Gudin anaihitaji ingekuwa inahangaika kupanda mlima wa Kösen.

Kingine, kikosi hakifiki chote kwa mara moja. Divisheni ya Friant ilifika karibu saa tatu na nusu asubuhi na kwenda kulia, ya Morand ilifika zaidi ya saa moja baadaye na kwenda kushoto. Yaani mpango uleule wa kutawanyika na kukutana ulikuwa ndani ya kikosi chenyewe. Gudin alisimama ili Friant afike, na wote wawili walisimama ili Morand afike. Gudin alilipa sana. Karibu watu wanne katika kila kumi wa divisheni yake waliuawa au kujeruhiwa.

---

Mwanajeshi Mstaafu Tabora

Hapa umenigusa. Mzee wangu alikuwa Lukaya, Machi 1979, vita vya Kagera. Brigedi ya 201 ilikuwa barabarani kwenye kinamasi, ikapigwa na majeshi ya Amin pamoja na Walibya mpaka ikarudi nyuma. Brigedi ya 208 ilikuwa imetumwa kuzunguka mbali. Ikaamriwa igeuke, ikaja ikawapiga kesho yake kutoka ubavuni. Mzee alisema kilichowaokoa ni kwamba wenzao hawakuwa nyuma yao kwenye barabara ileile. Wangekuwa foleni moja wote wangekwama.

Kwa hiyo ninaposoma habari hizi za 1806 siyaoni kama mambo ya Wazungu wa kale.

---

Ramani Kongwe

Asante mzee, na heshima kwa mzee wako. Umbo ni lilelile: mmoja ameshikwa, mwingine yuko mbali kiasi kwamba adui hamtazamii, lakini karibu kiasi cha kufika. Tofauti ni kwamba 1979 amri ilipita kwa redio.

Namrudia dada wa malori hapo. Usiku wa tarehe 13 Napoleon alikuwa juu ya kilima cha Landgrafenberg, juu ya Jena. Yapata saa nne usiku aliandika amri kwenda kwa Davout. Ilifika karibu saa tisa usiku. Ni muda wa saa tano, kwa umbali wa kilomita 20 na ushei, mpanda farasi gizani. Ukijibu, ni saa tano nyingine. Maana yake mkubwa hawezi kukuongoza wakati wa mapigano. Anaweza tu kukuweka mahali ambapo, bila kukuuliza, utafanya jambo linalomsaidia. Ndiyo sababu kila kikosi kilihitaji marshali wa kuamua mwenyewe na makarani wake.

---

Binti wa Pangani

Na Jena kwenyewe? Maana unaruka. Naona watu wanasema Napoleon alikuwa na watu wengi kuliko adui, sasa ustadi uko wapi?

---

Ramani Kongwe

Ustadi uko kwenye kuwa na wengi saa inayotakiwa. Alasiri ya tarehe 13 Lannes alikuwa karibu peke yake pale Jena, na kambi kubwa ya Hohenlohe ilikuwa karibu yake. Kama Hohenlohe angemshambulia kwa nguvu alasiri ile, Lannes angekuwa kwenye hali ya Gudin. Hakushambulia.

Usiku Napoleon alipandisha kilimani kikosi cha Lannes na walinzi wake, watu kama 25,000, wamebanana juu ya uwanda mdogo. Njia ya kupandisha mizinga ilikuwa nyembamba mno, magurudumu yakanasa kwenye miamba, ikabidi ichimbwe kwa mikono usiku ule, na yeye mwenyewe akishika taa. Asubuhi Lannes alishambulia ili kupata nafasi, wengine wapate pa kusimama. Augereau akaja kushoto, divisheni ya kwanza ya Soult kulia, na Ney akawahi na watu wa mbele tu wa kikosi chake.

Ney alijitupa vitani bila amri, akajikuta amezingirwa na farasi wa Prusia, ikabidi aokolewe. Silaumu ujasiri wake, lakini ndiyo hasara ya mfumo huu. Ukiwapa marshali uhuru wa kuamua, mmoja ataamua mapema mno.

Kufikia mchana Wafaransa zaidi ya 90,000 walikuwa wamefika au wanakaribia, dhidi ya Hohenlohe mwenye chini ya 40,000. Rüchel alikuwa Weimar na watu kama 15,000. Alifika alasiri, wakati Hohenlohe ameshavunjika, naye akavunjwa kivyake. Waprusia nao walikuwa wametawanyika. Ila hakuna aliyekuwa amepangiwa kusimama ili mwingine afike.

---

Mpenda Historia Moro

Nimekubali la chambo. Lakini Davout alikuwa mtu wa pekee. Huwezi kujenga kanuni juu ya mtu mmoja. Mpe kikosi kile kamanda wa kawaida, kinakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Tena Brunswick alipigwa risasi mapema, na akiba ya Kalckreuth haikutumiwa ipasavyo. Hiyo ni bahati.

---

Ramani Kongwe

Hoja nzuri, na siwezi kuikataa yote. Davout *kushinda*, hadi kuteka mizinga 115, kunahitaji Davout na makosa ya Waprusia pia. Lakini mfumo haukudai ushindi, ulidai muda.

Angalia tarehe 16 Agosti 1870, Prusia ilipopigana na Ufaransa, karibu na mji wa Metz. Alvensleben, jenerali wa Prusia ambaye wengi hawamjui, alishambulia na kikosi chake cha 3, watu kama 30,000, akidhani anagonga mkia wa Wafaransa wanaokimbia. Alikuwa amegonga jeshi zima la Bazaine, zaidi ya mara nne yake. Alipotambua, hakurudi nyuma. Aliweka mizinga yake mbele, akashika kijiji cha Vionville, na mchana, mizinga ya Wafaransa ilipomzidi, akatuma brigedi ya farasi ya Bredow, watu kama 800, waivamie. Karibu nusu hawakurudi, lakini saa aliyohitaji ikapatikana, na kikosi cha 10 kikafika. Huyu si Davout, ni miaka 64 baadaye, bunduki ni nyingine kabisa, na kikosi kimoja bado kilisimama siku nzima.

---

Msomaji wa Usiku

Nimesoma kimya muda wote. Mbona hakuna anayemtaja Bernadotte? Kikosi cha 1 kilikuwa Naumburg palepale na Davout usiku ule. Asubuhi Davout anakufa na watu wake, Bernadotte anaondoka zake. Kwa mtazamo wangu huo ni usaliti mtupu. Wivu wa marshali ulikaribia kuua mfumo wote mnaousifu.

---

Binti wa Pangani

Usaliti ni neno zito. Amri aliyopewa ilisema nini?

---

Ramani Kongwe

Ile amri ya saa tisa usiku iliandikwa kwa Davout. Ilimtaka aende Apolda, awaangukie Waprusia kwa nyuma. Kisha ikaongeza kwamba kama Bernadotte yuko naye wanaweza kwenda pamoja, lakini mfalme anatumaini Bernadotte atakuwa ameshafika Dornburg, alikokuwa amepangiwa. Davout alimwonyesha. Bernadotte akachagua Dornburg.

Dornburg iko kati ya Jena na Auerstedt. Akapita njia ya bonde la Saale, akakwama kwenye miteremko ya Dornburg, akafika Apolda jioni inakaribia, vita vyote viwili vimekwisha. Watu kama 20,000 hawakupiga risasi yenye maana siku ile. Napoleon alikaribia kumfikisha mahakama ya kijeshi, kisha akaacha.

Mimi namlaumu, kwa sababu mfumo wote ulikaa juu ya jambo moja: ukisikia mizinga ya mwenzako, nenda. Lakini amri ile ilikuwa na milango miwili, na aliyeiacha wazi ni Napoleon na ofisi yake, waliodhani Auerstedt hakuna kitu.

---

Mwanajeshi Mstaafu Tabora

Mimi namtetea kidogo. Askari anayeacha nafasi aliyopangiwa kwa sababu amesikia milio, kesho nafasi ile ikipenywa, nani atamtetea? Rahisi kusema "nenda kwenye mlio" ukishajua mlio upi ulikuwa mkubwa. Yeye alikuwa katikati ya milio miwili.

---

Msomaji wa Usiku

Mzee, kwa heshima, alikuwa Naumburg mlio wa kwanza ulipoanza au jirani yake sana. Davout alimwomba. Sibadili msimamo.

---

Mpenda Historia Moro

Basi na Grouchy, marshali wa Napoleon, 1815 ni hivyohivyo. Alisikia mizinga ya Waterloo, Napoleon akipigana na Wellington, na jenerali wake Gérard akamsihi waende, akakataa.

---

Ramani Kongwe

Grouchy ana utetezi zaidi. Aliambiwa awafuate Waprusia, na njia ya kwenda Waterloo ilikuwa matope na mito. Ila kinachonivutia siku ile ya tarehe 18 Juni ni upande wa pili.

Waprusia waliopigwa 1806 walikuwa sasa na vikosi vinne vya silaha mchanganyiko, na walivitumia kama Napoleon alivyofundisha kwa kuwapiga. Thielmann, na kikosi cha 3 chenye watu kama 17,000, aliachwa Wavre amzuie Grouchy mwenye 33,000. Alipoomba msaada aliambiwa ajitetee alivyo, maana siku itaamuliwa Waterloo. Akashika madaraja ya mjini Wavre juu ya mto Dyle hadi usiku. Wengine watatu wakaenda kwa Wellington.

Na hata hao walihangaika. Bülow ndiye aliyetangulizwa kwa sababu kikosi chake cha 4 hakikupigana Ligny, ambako Napoleon aliwapiga Waprusia siku mbili kabla, lakini ndiye aliyelala mbali kuliko wote. Ikabidi apite katikati ya mji wa Wavre, barabara nyembamba, nyumba ikashika moto mbele ya msafara wake, na vikosi vingine vikasubiri apite kwanza. Alifika vitani karibu saa kumi na nusu jioni, wakati kwa kilomita zile angeweza kufika mchana.

---

Mama Usafirishaji

Hilo la Wavre nimelielewa bila ramani. Aliyepanga nani atangulie aliangalia nani hajachoka, hakuangalia nani yuko wapi barabarani. Ila kama angemtanguliza aliyepigwa Ligny, huyo angefika mapema halafu apigane na nini? Hapo ningependa nisikie wengine wangepangaje.